Mnene, Lakini Damu Hana

"Hali kabisa, sista. Ni maziwa tu yanayomwingia."

Wauguzi wa kliniki za watoto wanaisikia kauli hii mara kwa mara, na mara nyingi mama anayeitoa analalamika huku akijifariji. Chakula anakataa, lakini walau maziwa anakunywa, na maziwa si chakula? Mtoto mwenyewe amekaa mapajani, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo ya unene, na kwenye kadi ya kliniki nukta ya uzito wake iko juu ya mstari wa katikati. Hakuna mtu katika foleni ile atakayemdhania kuwa na utapiamlo. Ila mwanga ukimpiga usoni, midomo haina wekundu, na kiganja chake kikiwekwa kando ya kiganja cha mtoto mwingine kinaonekana cheupe kama kilicholowekwa majini.

Huyu si yule mtoto tunayemzoea tunapozungumzia upungufu wa damu, aliyekonda kwa njaa au kudhoofishwa na malaria na minyoo. Hao ndio wengi katika nchi zetu, na wengi wao wangefaidika wakipata maziwa zaidi. Mtoto tunayemzungumzia hapa hutoka katika nyumba ambayo maziwa hayakosekani: nyumba ya mjini inayonunua pakiti mbili kila asubuhi, nyumba yenye ng'ombe wa kisasa zizini, boma la wafugaji, au nyumba ya ndugu zetu walioko Toronto au Minneapolis, ambako galoni ya maziwa haiishi kwenye friji. Ana umri kati ya mwaka mmoja na mitatu, ameacha kunyonya, na bado anatembea na chupa mkononi.

Maziwa ya ng'ombe hayana sumu. Yana protini nzuri, kalisi, na vitamini B12, ambayo mtoto asiyekula nyama hawezi kuipata kwenye mboga. Wanachokosa ni madini ya chuma. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe ina takriban nusu miligramu ya chuma, wakati mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kula takriban miligramu 7 kwa siku. Kuchemsha hakuongezi kitu, wala kugandisha: mtindi na maziwa lala yana uhaba uleule, na maziwa ya mbuzi hayana nafuu.

Msomaji atauliza: na maziwa ya mama je, si yana chuma kidogo vilevile? Ni kweli, hata ni kidogo zaidi. Lakini utumbo wa mtoto hukifyonza vizuri sana kile kidogo kilichomo, na isitoshe, mtoto wa kawaida aliyezaliwa kwa siku zake huja duniani na akiba ya chuma mwilini inayomfikisha takriban mwezi wa sita. Mtoto njiti anazaliwa na akiba ndogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya akiba hiyo hupokelewa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Baada ya mwezi wa sita akiba inakwisha ilhali mwili unakua kwa kasi na damu inaongezeka kila wiki, kwa hiyo chuma lazima kitoke kwenye sahani. Ni wakati huohuo ambao chupa ya maziwa ya ng'ombe huingia nyumbani.

Sasa tupige hesabu ya siku moja. Tuchukue mtoto wa miezi 22 mwenye kilo 12. Mama anaulizwa anakunywa maziwa kiasi gani, anajibu "ya kawaida tu." Muuguzi mzoefu haridhiki na jibu hilo, anauliza chupa kwa chupa. Akiamka asubuhi? Moja. Saa nne? Moja. Kabla ya usingizi wa mchana? Moja. Kabla ya kulala usiku? Moja. Na akiamka usiku wa manane? Hapo mama anasita kidogo. Ndiyo, anapewa moja ili anyamaze. Chupa ina ujazo wa mililita 240, kwa hiyo ni lita moja na mililita 200 kwa siku, na hatujahesabu maziwa yaliyotiwa kwenye chai ya jioni.

Maziwa hayo yasiyochujwa mafuta yana kalori kama 770. Mtoto wa kilo 12 anahitaji kalori 950 hivi kwa siku nzima. Maana yake zaidi ya robo tatu ya nishati yake imekwisha kupatikana kabla hajagusa kijiko, na kama maziwa yametiwa sukari, hata nafasi iliyobaki imejaa. Ndiyo sababu anageuza uso akiletewa ugali na maharage. Watu wa nyumbani husema ana "ubishi wa chakula," humtafutia dawa ya hamu ya kula, na akigoma kabisa huona afadhali apewe chupa nyingine asije akalala njaa. Kumbe mtoto ameshiba. Kibaba kikishajaa maji, unga utaingilia wapi?

Na chuma? Lita ile na ushei imempa miligramu 0.6. Vijiko vichache vya ugali na mchuzi, kipande cha mkate na biskuti mbili vinaongeza labda miligramu moja. Anahitaji 7. Upungufu huo hauonekani kesho wala keshokutwa, kwa sababu mwili huchota kwanza kwenye akiba iliyoko kwenye ini na uboho. Huchukua miezi. Kwanza akiba inakauka na damu bado inasoma vizuri kwenye kipimo; kisha chembe nyekundu mpya zinaanza kutengenezwa ndogo na hafifu; mwisho ndipo himoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni, inaanza kushuka. Kwa kuwa inashuka polepole, moyo na mapafu vinazoea. Madaktari wa watoto wamewaona wenye himoglobini ya 4 au 5 wakiwa bado wanatembea na kucheza, jambo ambalo mtu mzima aliyetokwa damu ghafla asingeliweza.

Kuna njia nyingine mbili ambazo maziwa huongeza tatizo, ingawa hiyo ya kuziba nafasi ndiyo kubwa. Ya kwanza ni kwamba kalisi na kaseini, ambayo ndiyo protini kuu ya maziwa, huzuia utumbo kufyonza chuma cha chakula kinacholiwa pamoja nayo. Ndiyo maana kumpa maharage na kumshushia na kikombe cha maziwa ni kujenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Chai nayo huzuia kwa namna yake, kutokana na tanini iliyo kwenye majani, na chai ya maziwa ina vizuizi vyote viwili. Sijaona sababu yoyote ya mtoto wa umri huu kunywa chai, hata iwe nyepesi namna gani.

Njia ya pili inawahusu zaidi walio chini ya mwaka mmoja. Utumbo wa baadhi ya watoto wachanga hukwaruzwa na protini ya maziwa ya ng'ombe na kuvuja damu kidogokidogo, kiasi kisichoonekana kwa macho wala kubadili rangi ya choo, lakini kwa wiki na miezi damu hiyo inaondoka na chuma chake. Kadiri mtoto anavyokaribia mwaka tabia hiyo hupungua. Hiyo ni mojawapo ya sababu madaktari wa watoto katika nchi nyingi hushauri kwamba maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza miezi 12. Kwa anayenyonya, maziwa ya mama yanatosha pamoja na chakula cha nyongeza kuanzia miezi sita, na Shirika la Afya Duniani linahimiza anyonyeshwe hadi miaka miwili na kuendelea. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yametiwa chuma kiwandani, kwa hiyo hesabu yake ni tofauti. Ila kopo lazima lichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa, si kurefushwa kwa maji ili lifike mwisho wa mwezi.

Mzazi anawezaje kujua? Weupe wa viganja, midomo na sehemu ya ndani ya kope la chini ndiyo dalili inayotafutwa kwanza, na haihitaji mashine. Mtoto huwa mchovu, analia kwa jambo dogo, anataka kubebwa kuliko kucheza, anahema haraka akipanda ngazi. Wengine huanza kula visivyolika: udongo, mkaa, chokaa ya ukutani, majivu, barafu. Nyumbani tabia hiyo huchapiwa fimbo au husemwa ni minyoo. Minyoo inawezekana, lakini mtoto anayelamba ukuta anastahili kupimwa damu kabla ya kuchapwa. Wachache, ambao upungufu wao umekuwa mkali, huvimba uso na miguu kwa sababu protini inavuja kupitia utumbo, na uvimbe huo hufanya familia ione kwamba amenenepa zaidi.

Mtoto wetu wa miezi 22 alipopimwa, tuseme karatasi yake ilisoma Hb 6.1, na chini yake MCV 56. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, mtoto wa miezi 6 hadi 23 huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 10.5, na wa miaka miwili hadi mitano akiwa chini ya 11. Chini ya 7 ni upungufu mkali kwa wote. MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, na 56 inasema chembe zake ni ndogo mno, kama zinavyokuwa zikikosa chuma. Panapopatikana kipimo cha feritini, ambacho huonyesha akiba, kikiwa chini ya 12 kwa mtoto asiye na homa wala maambukizi jibu limepatikana.

Lakini chembe ndogo peke yake si hukumu. Ukanda wa pwani yetu una watu wengi waliorithi alfa thalasemia, ambayo nayo hufanya chembe ziwe ndogo bila upungufu wowote wa chuma. Malaria huvunja chembe, minyoo ya safura hunyonya damu, na selimundu huanza kujitokeza katika umri huuhuu. Kwa hiyo mtoto mweupe hupimwa malaria, huulizwa kuhusu selimundu katika ukoo, na choo chake huangaliwa. Hadithi ya chupa tano kwa siku haifuti hayo mengine. Inawezekana kabisa mtoto mmoja akawa na mawili kwa pamoja.

Ndiyo maana pia kukimbilia duka la dawa na kununua sirapu ya kuongeza damu kwa kukisia si busara, na kwa hili tuna somo la karibu. Kisiwani Pemba, watafiti waliwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku bila kwanza kutenganisha nani anakihitaji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi wakati huo, watoto waliopewa walilazwa hospitali au kufariki zaidi ya wenzao, kwa takriban asilimia 12. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Lakini ndani ya utafiti uleule, katika kikundi kilichopimwa na kufuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Chuma ni dawa kwa anayekikosa, na hutolewa pale ambapo malaria inazuiwa na kutibiwa.

Mtoto wetu anakikosa. Hb 6.1 inatisha, na bibi yake anauliza kama hataongezewa damu. Ikiwa moyo haujaelemewa na anahema vizuri, kwa kawaida hahitaji. Damu ya kuongezewa hubakizwa kwa mtoto aliye hatarini, na ikibidi hutolewa polepole kwa sababu moyo uliozoea damu nyepesi unaweza kushindwa ukijazwa kwa haraka. Anaandikiwa chuma cha kunywa, miligramu 3 kwa kila kilo, mara moja kwa siku: kwa kilo 12 ni miligramu 36. Hapa watu hukosea sana, kwa kuwa kipimo hicho ni cha chuma halisi na si cha chumvi iliyobeba chuma. Kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 60 tu, na sirapu hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo mfamasia aoneshwe chupa yenyewe na aseme ni mililita ngapi. Dawa inanywewa mbali na maziwa na chai, ikiwezekana pamoja na juisi ya chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Choo kitakuwa cheusi, na meno yanaweza kupata madoa yanayotoka yakisuguliwa. Si sababu ya kuacha. Wakati huohuo vidonge vya chuma alivyopewa mama kliniki akiwa mjamzito viwekwe kabatini kwa kufuli. Dazeni moja tu ya vidonge vile ikimezwa na mtoto wa kilo 12 inaweza kumuua.

Hata hivyo dawa ndiyo sehemu nyepesi. Kazi kubwa ni kupunguza maziwa kutoka lita moja na ushei hadi mililita 400 au 500 kwa siku, yaani vikombe viwili vya kawaida. Kiasi hicho hakikuokotwa tu. Katika utafiti uliofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2013, watoto zaidi ya 1,300 wa miaka miwili hadi mitano walipimwa damu, na ilionekana kwamba kila kikombe kilivyoongezeka vitamini D ilipanda huku akiba ya chuma ikishuka. Vikombe viwili ndivyo vilivyowafaa wengi wao kwa pande zote mbili.

Chupa ya usiku wa manane ndiyo ya kuondoka kwanza, kwa sababu inajaza tumbo la asubuhi na kuozesha meno. Akiamka apewe maji. Kisha chupa zenyewe ziondoke nyumbani na maziwa yahamie kwenye kikombe, maana mtoto hunywa kidogo zaidi kwa kikombe na hawezi kutembea nacho siku nzima kama chuchu ya kufarijia. Maziwa yaje baada ya kula, si kabla. Siku za kwanza ni kilio. Mtoto aliyezoea kushiba kwa chupa anaweza kugoma kula siku mbili tatu, na hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa, hasa ikiwa kuna bibi asiyevumilia kumsikia mjukuu akilia. Mtoto mwenye afya ya kutosha kutunzwa nyumbani hatajiua njaa mbele ya chakula. Akianza kusikia njaa ya kweli atafungua mdomo.

Na akiufungua, aingiziwe nini? Chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kiko kwenye nyama nyekundu, maini, kuku na samaki. Maini ya kuku yaliyopondwa kwenye viazi ni rahisi kwa mtoto asiyejua kutafuna, ingawa mara moja kwa wiki inatosha, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno. Dagaa waliosagwa na kunyunyizwa kwenye uji au mboga ni bei nafuu kuliko pakiti moja ya maziwa ya siku. Maharage, kunde, choroko na dengu yana chuma pia, lakini kinafyonzwa kwa shida, hivyo yaliwe na nyanya, chungwa au embe, na kipande kidogo cha nyama kwenye sufuria hiyohiyo husaidia chuma cha maharage chenyewe kufyonzwa. Kuhusu mchicha na juisi ya majani ya kisamvu au matembele inayosifiwa mitaani kuongeza damu, ni mboga nzuri, lakini chuma chake hutoka kwa tabu sana, na hakiwezi kumtoa mtoto kwenye Hb 6. Uji wa ulezi hufaa zaidi nafaka ikioteshwa kimea au uji ukichachushwa, kwani hapo dutu inayofunga chuma kwenye nafaka hupungua.

Nyumba nyingi huona mabadiliko kabla maabara haijaona. Ndani ya siku chache za dawa mtoto anachangamka, kilio kinapungua, hamu ya kula inarudi. Himoglobini hupimwa tena baada ya wiki nne na inatarajiwa kuwa imepanda kwa gramu moja au zaidi. Kwa mtoto aliyeanzia 6 mara nyingi hupanda zaidi ya hapo. Wakifika hapo wengi huacha dawa kwa kuwa mtoto amepona machoni. Akiba bado ni tupu, na dawa huendelea takriban miezi mitatu ili ijae. Haraka hii ina sababu nyingine isiyoonekana kwenye kiganja: ubongo wa umri huu unatumia chuma kujijenga. Huko Kosta Rika, Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia watoto waliokuwa na upungufu mkali wa chuma walipokuwa wachanga, na zaidi ya miaka 10 baada ya kutibiwa bado walipata alama za chini kuliko wenzao katika vipimo vya akili na vya matumizi ya viungo.

Ikitokea wiki nne zimepita na himoglobini haijasogea, daktari huuliza kwanza maswali ya kawaida kabla ya kutafuta ugonjwa wa ajabu. Dawa inanywewa kweli, au inatemwa? Kipimo kilikuwa cha chuma halisi? Inatolewa na maziwa? Na je, chupa zimekwisha nyumbani, au zimehamia kwa dada wa kazi na kwa bibi? Majibu yote yakiwa sawa, ndipo mtoto hupelekwa kupimwa selimundu, thalasemia na kuvuja damu tumboni.